Dakika Moja ya Kunyamaza Kabla Taa Hazijazimwa

Mama na mwanawe wamekaa jikoni, katika nyumba ya mabati pembezoni mwa Dar es Salaam, na jioni inaingia. Kwenye skrini mazungumzo yao yatachukua dakika mbili. Kuyapiga picha kumeanza saa nne asubuhi na kuisha saa tisa alasiri, kwa sababu kamera ilikaa kwanza upande wa mama, ikahamishiwa upande wa mwana, kisha ikarudishwa mlangoni ili iwaone wote wawili. Katika saa hizo tano mtaa haukusimama. Kunguru walilia, watoto wa shule wakatoka mapumziko, adhana ya adhuhuri ikapita, jirani akawasha redio, bajaji zikapanda na kushuka. Mhariri anapoanza kuunganisha vipande, sentensi ya mama ina kunguru nyuma yake, jibu la mwana lina redio, na sentensi inayofuata haina chochote. Mtazamaji huenda asijue kilichoharibika, lakini hataamini kwamba watu hawa wawili walikuwa jikoni pamoja.

Onyesho hili ni la mfano tu, ila kila aliyewahi kuhariri filamu iliyopigwa mtaani atalitambua. Sehemu kubwa ya dawa yake haimo kwenye kompyuta ya mhariri. Hukusanywa pale pale eneo la kupigia picha, kamera ikiwa imezimwa, na hukusanywa kwa namna tatu: sauti ya chumba chenyewe, sauti za kando, na sauti za mazingira. Watu wengi huzichanganya, na hapo ndipo mkanganyiko wa kazi nzima huanzia, maana kila moja ina kazi yake.

Sauti ya chumba ndiyo nyepesi kuliko zote kurekodi, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Hakuna chumba kilicho kimya kabisa. Katika jiko lile mabati yanatanuka kwa jua na kulia, waya wa taa unavuma, barabara kuu inanguruma kwa mbali. Sikio la binadamu huvizoea vitu hivi baada ya muda mfupi na kuacha kuvisikia, lakini ni jepesi mno kugundua vinapobadilika. Tuseme mpiga picha alikohoa kati ya sentensi mbili za mama. Mhariri anakikata kikohozi, na mahali pake panabaki sifuri tupu, kimya ambacho hakipatikani popote watu wanapoishi. Kwa nusu sekunde ile mtazamaji anahisi kama spika imekufa. Tundu hilo haliwezi kuzibwa na kimya cha chumba kingine. Mhariri yuko katika hali ya fundi cherehani anayeweka kiraka, anayehitaji kitambaa kilichobaki kwenye jora lile lile.

Ndiyo maana fundi sauti, mara tu teki ya mwisho ya kila upande inapokubaliwa, huomba watu wote wasimame walipo na kunyamaza kwa sekunde 60. Maiki inabaki ile ile iliyonasa maneno, katika urefu na uelekeo ule ule, na kitufe cha kuongeza sauti hakiguswi. Wapo wanaoshawishika kuongeza sauti kwa sababu wanachokisikia kwenye vipokea sauti vya masikioni ni kidogo. Wakifanya hivyo wanapata mvumo mzito kuliko ule ulio chini ya mazungumzo, na kulinganisha viwili hivyo baadaye ni kazi ya bure. Taa za kupigia picha ziendelee kuwaka kama zilivyokuwa, kwa kuwa nyingine zina feni au mvumo wake. Watu nao wasitoke nje. Miili na nguo hunyonya sauti, na chumba chenye watu kumi na wawili hakisikiki sawa na chumba kilekile kikiwa kitupu.

Sekunde 60 zinaonekana nyingi kwa kazi ya kuziba tundu la nusu sekunde. Lakini mtu atahamisha uzito kwenye kiti, mwingine atapumua kwa nguvu, tumbo la mtu litanguruma kwa njaa. Ukiondoa hayo yote, katika dakika nzima mhariri anaweza kubaki na sekunde ishirini tu zilizo safi, na katika hizo ndimo atakamochota kwa onyesho zima.

Kuna sababu nyingine ya kurekodi kila kamera inapohama. Maiki ndefu inayotumika kwenye filamu husikia zaidi upande inaoelekea. Ilipokuwa ikimfuata mama ilikuwa imeelekea dirishani, hivyo nyuma ya maneno yake pana mtaa. Ilipogeuzwa kwa mwana ilielekea ukutani, na mtaa ukapungua. Mhariri akiruka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, mtaa unaingia na kutoka kwa kila sentensi, kana kwamba kuna mtu anafungua na kufunga dirisha. Akiwa na sauti ya chumba kutoka pande zote mbili, anaweza kurefusha ule mvumo wa dirishani upite taratibu chini ya maneno ya mwana, na mruko unapotea. Bila hiyo, atalazimika kusafisha maneno kwa programu ya kuondoa kelele hadi sauti za waigizaji zianze kusikika nyembamba, kama zinatoka ndani ya bomba.

Sauti ya chumba haina maana kama chumba chenyewe hakikuandaliwa. Friji ndiyo adui wa kwanza, kwa sababu huwaka na kuzima yenyewe wakati wowote inapotaka, hivyo nusu ya teki huwa na mngurumo na nusu haina. Huzimwa. Na mafundi wengi hufanya jambo moja la busara: mtu anayeizima huweka funguo za gari lake ndani ya friji hiyo. Hawezi kuondoka kwenda nyumbani bila kuifungua, na akiifungua atakumbuka kuiwasha, nyama ya wenye nyumba isije ikaoza.

Bajaji haizimwi. Imepita wakati mwana akitamka neno zito kuliko yote kwenye onyesho, na mwongozaji ameipenda teki ile kwa sababu uso wa mwigizaji ulikuwa na kitu ambacho hakitarudi. Hapa ndipo sauti za kando zinapoingia. Kamera inazimwa, bajaji inaachwa ipotelee mbali, na mwigizaji anaombwa aseme sentensi ile tena, mara tatu au nne, akiwa bado amekaa mahali pake. Ni lazima ifanyike papo hapo. Dakika tano baada ya teki, mwendo wa maneno bado uko mdomoni mwake: anavuta pumzi pale pale, anakaza herufi ile ile, koo lake bado limechoka kama lilivyokuwa. Miezi miwili baadaye, ndani ya studio, atakuwa anajiigiza mwenyewe, tena katika chumba kilichofunikwa magodoro ambacho hakina mabati wala ukuta wa saruji. Kwa kuwa kamera haipo, maiki inaweza kusogezwa karibu kidogo, ila isipite kiasi; neno lililonaswa nchi mbili kutoka mdomoni halitakaa vizuri ndani ya picha inayomwonyesha mtu upande wa pili wa meza.

Mhariri halazimiki kubadilisha sentensi nzima. Mara nyingi hukata neno moja tu, wakati mwingine silabi, na kuipachika juu ya midomo iliyokwisha kupigwa picha. Pale midomo inapogoma kulingana, hutumia picha inayomwonyesha mwana kwa nyuma ya bega.

Vitu navyo vina sauti zake za kando. Kwenye teki mama alifunika sufuria, na mfuniko ukalia juu ya neno la mwanawe. Fundi sauti mwenye uzoefu huandika jambo hilo kwenye daftari lake, kisha baada ya teki humwomba mama afunike sufuria ile ile, juu ya jiko lile lile la mkaa, bila mtu kusema neno. Hurekodi pia mwiko unaogonga ukingo, komeo la mlango, na kandambili zikiburuzwa kwenye sakafu ya saruji. Maktaba za sauti zinazouzwa zina milango kwa maelfu, lakini mingi ni ya nchi zenye nyumba za mbao na zulia. Mlango wa chuma wenye komeo la kusukuma, unaogonga fremu na kutikisika, mtu wa Mbagala au wa Kayole anaujua tangu utotoni, na akiusikia mwingine atajua si wa nyumba ile.

Sauti za mazingira ni kazi nyingine kabisa. Hizi hazifuatani na maiki ya mazungumzo wala hazilazimiki kurekodiwa saa ya kupiga picha. Onyesho letu ni la jioni ingawa limepigwa mchana. Kwa hiyo fundi anarudi mwenyewe, saa kumi na mbili jioni, bila waigizaji wala taa. Anatumia maiki mbili zinazotazama kushoto na kulia ili mtazamaji apate upana wa mahali. Mpangilio mmoja unaotumiwa sana, uliotoka redio ya Ufaransa, huzitenganisha kwa sentimita 17, umbali unaokaribia ule kati ya masikio mawili ya mtu, na kuzielekeza pembeni kwa nyuzi 110. Anazifunika kwa kifuniko cha manyoya, maana upepo wa bahari ukigonga maiki iliyo wazi huacha mngurumo ambao hakuna programu itakayoung'oa wote. Anataja kwa sauti mwanzoni mwa faili: mahali, saa, mlango uko wazi au umefungwa. Kisha anaweka kifaa kwenye stendi, anajitenga hatua kadhaa, na hasogei.

Dakika tano ni kiasi cha chini, kumi ni bora. Sababu inajulikana kwa kila aliyewahi kurudia kipande kifupi. Ukirekodi sekunde ishirini na kuzirudia mara sita kujaza onyesho la dakika mbili, kunguru yule yule atalia kwa mlio ule ule mara sita, na kufikia mara ya tatu mtazamaji atakuwa anamsubiri. Dakika kumi zinampa mhariri nafasi ya kuchagua mahali ambapo mtaa unanyanyuka na mahali unapotulia, na kuupanga unyanyuke pale mama anaponyamaza.

Kabla ya hapo, fundi anatakiwa kuijua jioni ya pale inavyokwenda. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 na kuenea hadi pwani ya bara, hukusanyika kwa makelele kwenye miti ya kulala jua linapotua, kisha hunyamaza giza likiingia. Adhana ya magharibi huja wakati huo huo. Hizi ni saa zinazosikika. Mhariri akiweka adhana katikati ya onyesho, amemwambia mtazamaji wakati kamili, na hawezi tena kuonyesha jua kali dirishani. Akikosea na kuchukua adhana ya alfajiri kutoka faili nyingine, kosa ni kubwa zaidi: adhana ya alfajiri ina maneno ya ziada yanayokumbusha kwamba swala ni bora kuliko usingizi, na hayasemwi kwenye swala nyingine yoyote. Mtu yeyote aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja atalinasa kosa hilo kabla hajamaliza kuitazama picha.

Mtu mmoja aliyeielewa subira ya kazi hii alikuwa Mwingereza Peter Handford. Alikuwa fundi sauti wa filamu, lakini nje ya ajira yake alianza katika miaka ya 1950 kurekodi treni za mvuke na kuzitoa kwenye sahani za santuri, hadi akajulikana zaidi kwa treni zake kuliko kwa filamu. Kwa kazi ya aina hiyo hakuna njia ya mkato. Kifaa kinawashwa kabla treni haijasikika, kinaachwa inapokaribia, inapopita na inapopotea, na hakizimwi hadi kimya kirudi. Mwaka 1986 Handford alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa tuzo ya Oska ya sauti kwa filamu ya Out of Africa, iliyopigwa Kenya, ambayo nayo ina reli ndani yake. Kanuni ya treni inafaa hata kwa bajaji ya mtaa wetu: ukiirekodi kuanzia inapokuwa mbele ya mlango, mhariri hana namna ya kuileta wala kuiondoa. Itatokea hewani na kufia hewani.

Mvua inastahili maelezo yake. Mwandishi wa filamu hupenda kuandika kwamba mvua inapiga mabati, na hakika ni sauti nzuri, lakini mvua ya masika juu ya bati humeza mazungumzo yote, na hubadilika nguvu kila dakika. Teki mbili zilizopigwa kwa kupishana robo saa haziwezi kuunganishwa. Kwa hiyo mazungumzo hupigwa pakiwa pakavu, dirisha likilowanishwa kwa mpira wa maji, na mvua hurekodiwa peke yake siku inayonyesha. Wasio wazoefu huweka maiki uwanjani na kupata mchirizo usio na umbo, unaofanana na redio iliyokosa stesheni. Mvua kwa yenyewe haina sauti nyingi. Inaipata kwa kile inachokigonga. Inabidi kurekodi chini ya bati ndani ya chumba, kisha barazani ambako bati linasikika kutoka pembeni, kisha karibu na mgomba, kisha kwenye ndoo ya plastiki iliyo chini ya mchirizi. Na mvua ikikatika fundi asifungashe vifaa. Matone yanayoendelea kudondoka kwenye ndoo, na watu wanaoanza kutoka nje na kusemezana, huweza kumaliza onyesho vizuri kuliko muziki wowote.

Filamu za zamani zinageuza tatizo kichwa chini, kwani hapo swali kubwa ni nini kisisikike. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 na kutokana na riwaya ya Adam Shafi, inaishi katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Kwa filamu ya namna hiyo, kunguru wanaruhusiwa kuwapo Mji Mkongwe. Bodaboda hawaruhusiwi, wala kipaza sauti cha dukani kinachotangaza vocha, wala mlio wa simu. Mji wa leo una dakika chache mno zisizo na pikipiki, na kwa kawaida zinapatikana kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri. Anayetaka uchochoro wa zamani hana budi kuamka.

Turudi jikoni, safari hii mezani kwa mhariri. Anaanza kwa maneno peke yake, kila mwigizaji kwenye mstari wake, na kuziba kila tundu kwa sauti ya chumba ya upande uleule, akifanya kila kipande kiingie na kutoka polepole ili maungio yasisikike. Hapo onyesho tayari limeshikamana ingawa bado ni kavu. Kisha analaza jioni iliyorekodiwa barazani, bila kukatika, kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, chini kiasi kwamba ukiiondoa ndipo unagundua ilikuwapo. Hili ndilo linaloyafunika mabadiliko madogo yaliyosalia. Mwisho anaweka vitu vichache vya kando: mfuniko baada ya neno la mwana, redio ya jirani ikififia mama anapofunga mlango. Asiongeze vingine kwa sababu tu anavyo. Jiko lenye kuku, mtoto anayelia, pikipiki na muziki kwa wakati mmoja husikika kama orodha ya sauti.

Watayarishaji wadogo husema hawana vifaa. Kinasa sauti kidogo cha mkononi kinatosha kwa mazingira, na hata simu inaweza kusaidia, kwa sharti moja. Simu nyingi hupandisha sauti zenyewe mahali pakiwa kimya na kuishusha kelele ikija. Matokeo yake mtaa unasikika kama unapumua. Itafutwe programu inayoruhusu kuzima upandishaji huo, na faili ihifadhiwe bila kubanwa, kwa kilohezi 48, kipimo kinachotumika kwenye video. Kwa sauti ya chumba simu haifai, hata iwe ya bei gani, kwa kuwa si maiki iliyonasa maneno.

Faida ya kazi hii huonekana pia filamu inapovuka mpaka. Watazamaji wa Afrika Mashariki wamezoea tamthilia za Kituruki zinazozungumza Kiswahili, na ndani yake milango bado inafungwa na barabara za Istanbul bado zinasikika. Hilo linawezekana kwa sababu mtengenezaji hukabidhi mstari wa sauti wenye kila kitu isipokuwa maneno. Filamu yetu ya jikoni, kama mtaa wake umo ndani ya maneno ya waigizaji tu, ikitafsiriwa kwa Kifaransa kwa soko la Kinshasa mtaa wote utaondoka pamoja na Kiswahili chake. Yenye dakika kumi za baraza na sauti zake za kando itabaki na Dar es Salaam yake.

Kinachokosekana kwenye seti kwa kawaida ni muda, na muda hutolewa na mwongozaji, si fundi sauti. Fundi akiomba kimya wakati mafundi wa taa wameshaanza kukunja nyaya, ataonekana msumbufu na atapewa sekunde kumi za minong'ono. Basi waongozaji waliandike jambo hili kwenye ratiba ya siku pamoja na chakula cha mchana: dakika moja ya kunyamaza kwa kila upande wa kamera, dakika tano za sauti za kando kabla waigizaji hawajavua nguo za kuigizia, na nauli ya fundi kurudi jioni.